Transista ya megahezi 300, amplifaya ya kilohezi 400: kukokotoa masafa ya mpito na ukomo wa juu kwa modeli ya pai mseto

Swali hili huja kila muhula, na sura yake ni ileile. Mwanafunzi amejenga amplifaya ya emita ya pamoja kwa 2N3904. Datashiti inasema transista ina masafa ya mpito, yaani masafa ambayo ukuzaji wake wa mkondo unashuka hadi 1, ya megahezi 300. Anapandisha masafa ya jenereta, na akifika kilohezi 250 hivi, mawimbi kwenye oskiloskopu yameshaanza kunywea. Anabadilisha transista, yanakuwa yaleyale. Anabadilisha nyingine. Kisha anakuja kuuliza kama dukani aliuziwa feki.

Mara nyingi si feki. Megahezi 300 ni namba ya transista ikiwa peke yake, katika hali ambayo sakiti yako haimo. Mwongozo huu unakupa njia ya kutoka kwenye namba ile hadi kwenye namba utakayoiona mezani, kwa kutumia sakiti moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ukishaifuata mara moja, weka namba za sakiti yako.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Sakiti yetu ni ya kawaida kabisa: umeme wa volti 12, R1 ya 39 kΩ kutoka juu hadi besi, R2 ya 10 kΩ kutoka besi hadi ardhini, RC ya 4.7 kΩ, RE ya 1.8 kΩ iliyopitishiwa na kapasita ya mikrofaradi 100, na mzigo RL wa 10 kΩ nyuma ya kapasita ya kuunganishia. Chanzo cha mawimbi kina ukinzani Rs wa 1 kΩ.

Kutoka kwenye datashiti ya 2N3904 chukua mambo manne, na kila namba iandike pamoja na hali iliyopimiwa:

- fT, yaani masafa ya mpito: si chini ya 300 MHz, kwa mkondo wa kolekta wa 10 mA na VCE ya 20 V
- Cob (kapasitansi kati ya kolekta na besi): si zaidi ya 4 pF kwa VCB ya 5 V
- Cib (kapasitansi kati ya emita na besi): si zaidi ya 8 pF, kiungo kikiwa kimegeuziwa volti 0.5
- hfe, yaani ukuzaji wa mkondo, kwa 1 mA: kati ya 100 na 400. Sisi tutatumia 150.

Kikokotoo cha simu kinatosha. Kwa kupima utahitaji jenereta ya mawimbi na oskiloskopu yenye probu ya x10. Hiyo x10 usiichukulie kama pambo, utaona sababu yake kwenye hatua ya 8.

Nadharia kidogo tu

Modeli ya pai mseto inaichora transista kwa vipande vichache. Kati ya besi na emita kuna ukinzani rπ, na sambamba nao kapasita Cπ. Kati ya besi na kolekta kuna kapasita ndogo Cμ. Upande wa kolekta kuna chanzo cha mkondo kinachotoa gm mara volti ya besi na emita. Vipo pia ukinzani mdogo wa ndani ya besi, rx, na ukinzani wa kolekta, ro. Hivi viwili tunaviacha kwa sasa, na nitakwambia ni lini hutaruhusiwa kuviacha.

Kwenye masafa ya chini kapasita zote mbili ni kama hazipo. Masafa yakipanda, zinaanza kunywa mkondo uliokusudiwa kuingia kwenye rπ, na ukuzaji unashuka. Nadharia tutakayoitumia inaishia hapo.

Hatua ya 1: Tafuta mkondo halisi wa kolekta

Kila kitu kinachofuata kinategemea mkondo huu, kwa hiyo usiukisie. Volti ya mgawanyo wa R1 na R2 ni 12 × 10/49, yaani 2.45 V. Ukitoa 0.65 V ya besi na emita inabaki 1.80 V. RE ni 1.8 kΩ, na mgawanyo wenyewe unaongeza kama omu 53 ukiuangalia kutoka kwenye emita. Mkondo unakuwa 0.97 mA.

Kolekta basi inakaa kwenye 12 − 4.56 = 7.44 V na besi iko kwenye 2.40 V. Tofauti ni 5.04 V, karibu sawasawa na volti 5 ambazo datashiti ilizitumia kupimia Cob. Nimezichagua rezista kwa makusudi ili iwe hivyo.

Kama sakiti umeshaijenga, pima volti ya RE kwa multimita na ugawe kwa RE. Namba hiyo ina ukweli kuliko hesabu yoyote.

Hatua ya 2: gm na rπ

```
gm = IC / 26 mV = 0.97 / 26 = 0.0373 A/V
rπ = hfe / gm = 150 / 0.0373 = 4.02 kΩ
```

Milivolti 26 ni za joto la kawaida la chumba. Angalia kwamba gm haitegemei aina ya transista. Inategemea mkondo tu. 2N3904 na BC547 zikiwa na 0.97 mA zina gm ileile.

Hatua ya 3: Cμ

Kwa kuwa VCB yetu ni 5 V, tunachukua Cob jinsi ilivyo: Cμ = 4 pF. Hiki ni kikomo cha juu, kwa hiyo transista uliyonayo mkononi inaweza kuwa na kidogo zaidi ya nusu yake. Kwa usanifu ni salama kutumia kikomo.

VCB yako ikiwa tofauti, kumbuka kwamba kapasitansi hii inapungua volti ikiongezeka. Kwa volti 19 hivi, 4 pF inashuka kuwa kama 3 pF.

Hatua ya 4: Cπ, mahali wengi wanapoteleza

Fomula ya fT ni hii:

```
fT = gm / (2π (Cπ + Cμ))
```

Mtego ni kuchukua 300 MHz, kuiweka pamoja na gm yako ya 0.0373, na kutoa Cπ. Utapata 16 pF na utafurahi, lakini namba hiyo ni mbovu. Ile 300 MHz ilipimwa kwa 10 mA, wewe una 0.97 mA. Umechanganya vipimo vya transista mbili tofauti, ingawa jina lao ni moja.

Fanya hivi badala yake. Kwanza rudi kwenye hali ya datashiti. Kwa 10 mA, gm ni 10/26 = 0.385 A/V:

```
Cπ + Cμ = 0.385 / (2π × 300e6) = 204 pF
```

Toa Cμ ya 3 pF, kwa sababu pale VCE ilikuwa 20 V. Cπ kwa 10 mA ni 201 pF.

Sasa, hii 201 pF ina sehemu mbili ambazo hazifuatani. Sehemu moja ni ya kiungo cha emita chenyewe, na haibadiliki sana na mkondo. Nyingine ni chaji inayosafiri ndani ya besi, na hii inakua sambamba na mkondo: ukipunguza mkondo mara kumi, nayo inapungua mara kumi.

Sehemu ya kiungo tunaikadiria kutoka kwenye Cib. Datashiti inaipima kiungo kikiwa kimegeuziwa volti, lakini wewe unakitumia kikiwa kimefunguka, na hapo inakuwa kama mara mbili. Basi 2 × 8 = 16 pF. Ni makadirio ya kimazoea, sikuapii kwamba ni sahihi hadi pikofaradi ya mwisho, lakini makosa yake hayatatuumiza.

Iliyobaki, 201 − 16 = 185 pF, ndiyo ya chaji kwa 10 mA. Kwa 0.97 mA inakuwa 185 × 0.097 = 18 pF. Jumlisha:

```
Cπ = 16 + 18 = 34 pF
```

Hatua ya 5: Masafa ya mpito ya transista yako, siyo ya datashiti

```
fT = 0.0373 / (2π × (34 + 4)e-12) = 156 MHz
```

Nusu ya ile 300, na transista haina kosa lolote. Kwa mkondo mdogo, zile 16 pF za kiungo zinabaki palepale huku gm imeshuka, ndiyo maana fT inaanguka. Ukishuka hadi mikroampea 100 itaanguka zaidi. Anayebana betri kwa kupunguza mkondo analipia kwa masafa.

Gawa kwa hfe upate masafa ambayo ukuzaji wa mkondo unaanza kushuka: 156/150, karibu 1.04 MHz. Wengi wakifika hapa wanaandika jibu na kufunga daftari. Huu bado si ukomo wa amplifaya yako. Namba hizi mbili zimekokotolewa kolekta ikiwa imefungwa ardhini kwa upande wa mawimbi, yaani bila volti yoyote ya kutoka. Amplifaya isiyotoa volti haina kazi kwako. Kolekta ikianza kuyumba, Cμ inabadilika kabisa tabia.

Hatua ya 6: Ukinzani unaoonekana pande zote mbili

Upande wa kolekta, RC na RL ziko sambamba: 4.7 na 10 zinatoa 3.2 kΩ. Tuite RL'.

Upande wa besi, ziko sambamba Rs (1 kΩ), mgawanyo wa R1 na R2 (7.96 kΩ) na rπ (4.02 kΩ). Zinatoa 728 Ω. Tuite Rs'.

Kosa la kawaida hapa ni kuiacha Rs nje kwa kuwa "si sehemu ya amplifaya". Ni sehemu. Transista ileile na rezista zilezile zitakupa ukomo tofauti kabisa ukibadilisha chanzo.

Ukuzaji wa volti kutoka besi hadi kolekta ni gm × RL' = 0.0373 × 3200 = 119. Iandike pembeni.

Hatua ya 7: Ukomo wa juu

Kila kapasita ina muda wake, yaani ukinzani inaouona mara kapasitansi yake. Unajumlisha mida yote, kisha unageuza kuwa masafa. Kwa Cπ ni rahisi:

```
728 × 34e-12 = 25 ns
```

Kwa Cμ ndipo John Miller anaingia. Mwaka 1920, akishughulika na vali za utupu, alionyesha kwamba kapasita inayounganisha kiingilio na kitokeo cha amplifaya inayogeuza huonekana kubwa mara nyingi zaidi ya ilivyo. Besi ikipanda milivolti 1, kolekta inashuka milivolti 119, kwa hiyo Cμ inahisi badiliko la milivolti 120. Kwa chanzo chako, 4 pF hiyo ni mzigo wa 480 pF. Kwa mtindo wa mida tunaandika hivi:

```
R ya Cμ = Rs' × (1 + gm RL') + RL'
        = 728 × 120 + 3200 = 90.6 kΩ
muda    = 90.6e3 × 4e-12 = 362 ns
```

Jumla ni 25 + 362 = 387 ns, na ukomo wa juu, fH, ni:

```
fH = 1 / (2π × 387e-9) = 411 kHz
```

Zitazame tena hizo namba mbili, 25 na 362. Kazi yote ya hatua ya 4, kutafuta Cπ kwa uangalifu, imechangia nanosekunde 25. Ile pikofaradi 4 tuliyoichukua kwa sentensi moja imechangia 362. Kama una dakika kumi tu za kuhakikisha namba moja, hakikisha Cμ. Cπ ina uzito unapotafuta fT. Kwenye ukomo wa emita ya pamoja yenye ukuzaji mkubwa, ni abiria.

Vitabu vingi hukufundisha kuhesabu upande wa kuingia peke yake kwa 34 + 480 = 514 pF, na utapata 425 kHz. Ni karibu sana, na kwa mtihani inatosha. Napendelea mida kwa sababu kitokeo kikibeba kapasita, ile njia fupi inakudanganya, na kitokeo chako kitabeba kapasita mara tu utakapogusisha probu.

Hatua ya 8: Pima

Weka rezista ya 1 kΩ, ile Rs yetu, karibu kabisa na kapasita ya kuingilia, siyo upande wa jenereta. Ukiiweka upande wa jenereta, kapasitansi ya waya wote unaofuata itaingia kwenye hesabu. Jenereta ina 50 Ω zake, na asilimia hizo 5 tuzisamehe.

Anza na 10 kHz, na mawimbi madogo: 10 mV kilele hadi kilele. Chanzo na kiingilio vinagawana volti, kwa hiyo ukuzaji kutoka chanzo hadi mzigo ni kama 87, na utaona karibu 0.87 V kwenye kitokeo. Pandisha masafa bila kugusa kimo cha jenereta mpaka kitokeo kifike 0.61 V, yaani kama asilimia 70.7 ya kilivyoanza. Hapo ndipo fH.

Sasa probu. Probu ya x1 na waya wake ina kama 100 pF, na unaigusisha mahali penye 3.2 kΩ. Inaongeza 320 ns. Jumla inakuwa 707 ns, na ukomo unashuka hadi 225 kHz. Probu ya x10 yenye 15 pF inaongeza 48 ns tu, na utaona 366 kHz. Niliwahi kumaliza alasiri nzima nikibadilisha transista kwenye ubao mmoja, kumbe kitufe kidogo cha probu kilikuwa kimesukumwa kwenye x1.

Namba zikikataa kulingana

*Sakiti iko kwenye bredibodi na unapata kama 260 kHz hata kwa x10.* Safu mbili za bredibodi zinazopakana zina 2 pF hivi kati yao. Miguu ya 2N3904 imepangwa emita, besi, kolekta, kwa hiyo besi na kolekta zinakaa kwenye safu jirani, na zile 2 pF zinaungana moja kwa moja na Cμ. Zidisha kwa 90.6 kΩ: 181 ns za bure. Dawa ni kuupinda mguu wa kolekta uruke safu moja, kisha ile safu tupu iunganishe na ardhi. Kapasitansi inabaki, lakini sasa inakwenda ardhini kutoka kila upande, haizidishwi tena na ukuzaji, na gharama yake haifiki 10 ns.

*Ukuzaji ni mdogo mno, kama 2, na ukomo uko juu ajabu.* Kapasita ya RE haijashika, au imekatika. Bila kapasita hiyo ukuzaji unaanguka hadi karibu RL' ÷ RE, na athari ya Miller inaanguka nao. Pima mawimbi kwenye emita. Yanapaswa kuwa karibu sifuri.

*Ukuzaji umetoka 174, mara mbili kamili.* Jenereta imewekwa kudhani mzigo wake ni 50 Ω, kwa hiyo inatoa maradufu ya inachoonyesha. Badilisha mpangilio huo uwe wa mzigo mkubwa. Ukomo wenyewe haukuathirika, isipokuwa kama kitokeo kimeanza kupinda.

*Simulesheni inakupa ukomo mkubwa kuliko 411 kHz.* Fungua faili la modeli na utafute `CJC`. Hiyo ni kapasitansi kwa volti sifuri, siyo kwa volti 5. Ukikuta `CJC=4E-12`, programu itaishusha hadi karibu 2 pF kwenye VCB yako, na ukomo utakaribia kuwa maradufu. Programu haijakosea. Wewe ulitumia kikomo cha juu cha datashiti, yenyewe imetumia transista ya kawaida.

*Chanzo chako ni cha 50 Ω na hesabu inakupa zaidi ya 4 MHz, lakini mezani unapata pungufu.* Hapa ndipo rx hairuhusiwi kuachwa. Rs' ikiwa 728 Ω, omu 20 za ndani ya besi hazionekani. Rs' ikiwa 49 Ω, omu hizohizo 20 zinaipandisha hadi 69, na ukomo unatoka 4.2 MHz hadi 3.3 MHz. Ongeza rx kwenye ukinzani wa chanzo kabla ya kuuweka sambamba na rπ.

*Hesabu na vipimo vinakubaliana, lakini 400 kHz hazikutoshi.* Usikimbilie transista ya fT kubwa zaidi. Tafuta yenye Cob ndogo, au punguza RL'. Kwa mzigo wa 1 kΩ badala ya 10, RL' inakuwa 825 Ω, ukuzaji unashuka hadi 31, jumla ya mida inakuwa 121 ns, na ukomo unapanda hadi 1.3 MHz. Ukihitaji ukuzaji na masafa kwa pamoja, weka transista ya pili juu ya kolekta kwa mtindo wa kaskodi: ya kwanza inabaki na ukuzaji wa volti wa karibu 1, na ile 4 pF yake inakuwa kama 8 pF tu badala ya 480.